Picha ya chupa ya dawa ya unga: EXP, mstari wa maji na siku ya kumwaga

(Maongezi na wazazi, Wete, Pemba. Nimeyaandika karibu na nilivoyasema, kwa ajili ya wale walokuwa hawakuweza kufika.)

Asalaam alaykum mama zangu, dada zangu, na kina baba mlokaa kule nyuma karibu na mlango. Ahsanteni kwa kuja. Mie ni mfamasia kama mnavonijua, na leo sitaongea dawa zote, ntaongea kitu kimoja tu, ile chupa ya antibayotiki ya mtoto ambayo unapewa ikiwa na unga mkavu ndani na unatakiwa utie maji mwenyewe nyumbani. Amoksilini, ampiklosi, ile amoksiklavu ya masikio na kifua, azithromaisini, sefaleksini, zote hizo zinakuja hivo. Na ntaongea hasa kuhusu picha zake, mana siku hizi mtu akikwama anapiga picha ya chupa anamtumia mtu, anamtumia mtoto wake anosoma Unguja, anamtumia shemegi yake nesi, ananitumia mie, na anataka jibu pale pale mtoto yuko mkononi analia.

Picha nyingi zinazonifikia zinaonesha upande wa mbele wa chupa tu, jina la dawa limejaa skrini nzima, na chini yake swali: "Dada, hii bado nzima?" Na mie swali langu la mwanzo ni lile lile kila siku, imeshatiwa maji au bado unga? Nakuulizeni nyie sasa, kwa nini nauliza hivo na wakati tarehe naiona pale pale kwenye picha?

Kwa sababu ile tarehe iliyopigwa mhuri, ile inoanza na EXP, ni tarehe ya unga. Ni umri wa dawa ikiwa mkavu, kizibo hakijafunguliwa, imekaa mahali pakavu pasipo joto kali. Ukishatia maji ile tarehe peke yake haitoshi tena. Inaanza hesabu nyengine kabisa, na hesabu hiyo haihesabiwi kwa miaka wala kwa miezi, inahesabiwa kwa siku. Dawa za jamii ya penisilini zikiwa ndani ya maji zinaanza kuvunjika taratibu, hata kama chupa umeifunga vizuri na hakuna aloigusa, na joto ndo linaharakisha zaidi. Ndo sababu hasa ya kuuzwa unga, lau ingekuwa inavumilia maji wangekuletea imeshachanganywa kama sirapu ya kikohozi, basi wasingekupa kazi ya kuchemsha maji.

Kiwanda kinapima dawa yake kikishatia maji, kinaangalia siku gani nguvu yake inashuka chini ya kiwango, afu kinaandika kwenye lebo: siku 7, au siku 10, au siku 14. Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Dawa ileile moja, amoksilini hiyo hiyo, kiwanda hichi kinaandika siku 7 na kiwanda kile kinaandika siku 14, mana vile walivotia ndani si sawa na kuhifadhi kwake si sawa. Kwa hiyo usinambie "amoksilini ni siku 7" kwa kukumbuka ile ya mwaka jana. Soma chupa ulonayo mkononi. Kama huna chupa, soma picha ya chupa hiyo hiyo, sio picha ya chupa nyengine iliyofanana nayo uliyoikuta mtandaoni.

Sasa nikupeni kisa kimoja tukiende nacho. Mama mmoja wa upande wa Konde alinitumia picha usiku. Chupa ya amoksilini ya ml 100, imebaki kama nusu, ilikuwa ya mtoto mkubwa aliyeumwa sikio, na sasa mdogo wake anakohoa na ana homa. Picha ya kwanza ilikuwa safi, naona "Amoxicillin 125 mg/5 ml", naona EXP 11/2027. Ukiitazama hivo unasema dawa nzima hii, ina muda mrefu mbele. Nikamwambia mama, igeuze chupa unipigie ubavuni. Ubavuni kuna maandishi madogo madogo ya Kiingereza, na ndani yake umo mstari huu:

```
Use within 7 days after reconstitution.
Store in a refrigerator. Do not freeze.
```

Maana yake itumike ndani ya siku 7 tangu kutiwa maji, ikae kwenye friji, isigandishwe. Viwanda vyengine wanaandika "DISCARD AFTER 7 DAYS" au "Discard unused portion after 14 days", jambo ni lile lile, ikifika siku hiyo kilobaki kimwagwe. Mkiona picha tafuteni neno "days" kwanza, na namba iliyo karibu nalo. Hiyo ndo namba ninoitaka.

Bas, namba tumeipata, siku 7. Bado tunataka siku ya kutia maji, na hiyo chupa haikuandikwa kitu. Mama akasema si zamani, wiki mbili hivi. Baba wa mtoto akatafuta kwenye simu akaleta picha ya chupa ile ile, anasema tazama dada, jina la picha lina tarehe, kwa hiyo tulichanganya siku hiyo. Jina lilikuwa namna hii, `IMG-20260310-WA0004.jpg`. Wengi wanaamini hiyo tarehe na ndo nataka kuiongelea kidogo. Picha ikipita WhatsApp simu inaipa jina la siku ilipotumwa au kupokelewa, sio siku chupa ilipotiwa maji, na mara nyingi sio hata siku picha ilipopigwa. Mtu akikutumia leo picha ya mwezi uliopita, kwako itakaa kama ya leo. Kwa hiyo picha ya simu haiwezi kukwambia chupa ilitiwa maji lini, isipokuwa tarehe hiyo imeandikwa kwa mkono juu ya chupa na imeonekana ndani ya picha.

Kwa yule mama jibu lilikuwa, hata tukienda na maneno yake mwenyewe ya wiki mbili, siku 7 zimeshapita, dawa hiyo haifai kwa mdogo wala kwa mkubwa, na tena kikohozi cha mdogo hakijaangaliwa na mtu, huwezi kujua kama kinataka antibayotiki. Asubuhi akampeleka kituo cha afya. Na nilimuuliza akaniambia haikubadilika rangi wala harufu, na namsadiki, kwa kuwa amoksilini inaweza kupoteza nguvu na ukiitazama iko vilevile. Amoksiklavu mara nyengine inakuwa ya manjano iliyokolea au kahawia, hiyo ukiiona mwaga hata kama siku hazijafika. Lakini kukosa kubadilika sio dalili ya uzima, usiipime dawa kwa pua.

Sasa mtu anaetaka kusomewa chupa apige vipi. Chupa ni duara, lebo imeizunguka, na maneno yanojificha kwenye mzunguko ndo yale yale tunoyataka. Kwa hiyo picha moja haitoshi. Piga ya mbele, jina na nguvu ya dawa zionekane zote, mana kuna 125 na kuna 250 kwenye 5 ml hiyo hiyo na picha iliyokatwa haioneshi ipi. Geuza kidogo piga ya ubavu mmoja, geuza tena piga ya ubavu wa pili. Afu tafuta pale palipopigwa mhuri wa tarehe, pengine ni chini ya lebo, pengine shingoni, pengine ni kwenye ncha ya boksi na sio kwenye chupa, na hilo boksi watu wanalitupa siku ya kwanza. Msilitupe mpaka dawa iishe, au lipigeni picha pande zote kabla ya kulitupa. Na kama duka limebandika karatasi yake ya 1x3 juu ya maelekezo, ibanduwe taratibu uihamishie upande mwengine.

Zima tochi ya simu. Chupa inang'aa na mwanga unaunguza maandishi yote katikati. Nenda mlangoni au dirishani mchana, simama pembeni ya mwanga, shika simu mbali kidogo na chupa afu ukuze, mana simu nyingi ukiisogeza karibu sana inashindwa kutulia na herufi zinakuwa ukungu. Na ukituma, chagua ile HD au itume kama faili, kwani ikitumwa kawaida inabanwa na maandishi madogo ndo yanayokufa mwanzo.

Mhuri wa tarehe una matatizo yake. Mara nyingi unapigwa kwa nukta nukta za wino, na nukta mbili zikifutika 8 inakuwa 3, 6 inakuwa 5. Nilikuwa na picha moja, EXP yake inasomeka 03/2026 au 08/2026, huwezi kujua. Nikamwambia nisomee MFG, yaani ilotengenezwa lini, akasema 04/2024. Dawa hizi mara nyingi hupewa miaka miwili au mitatu tangu kutengenezwa, na viwanda vingi wanamalizia mwezi mmoja kabla ya kutimia, kwa hiyo kutoka mwezi wa nne 2024 miaka miwili inaishia mwezi wa tatu 2026. Inaelekea ni 3 na sio 8. Lakini hiyo ni njia ya kushuku tu, sio ya kuhakikisha. Nikitilia shaka namwambia mtu apige tena kwa mwanga mwengine, na ikishindikana tunachukua ile tarehe inotangulia. Na ikiwa pameandikwa mwezi na mwaka tu, bila siku, inahesabiwa mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. Jihadharini na ile namba ya B.No. au LOT, ni namba ya fungu la kiwandani, pengine inafanana na tarehe kabisa na watu wanaisoma kama tarehe.

Sasa twende kwenye maji, hapa ndo pana makosa mengi kuliko tarehe.

Kwenye chupa imeandikwa 100 ml. Mtu anapima maji ml 100 kwa chupa ya kunyonyesha mtoto, anamimina yote ndani, anasema nimefata maelekezo. Sivo. Ile 100 ml ni jumla, unga pamoja na maji, baada ya kuchanganya. Unga nao unachukua nafasi yake. Tukamate ile ya 125 mg kwenye ml 5. Chupa nzima ya ml 100 ina mafungu ishirini ya ml 5, ishirini mara 125 ni mg 2500, hiyo ndo dawa yote iliyomo, haiongezeki wala haipungui ukitia maji mengi au machache. Sasa tuseme umetia maji ml 100 na jumla imefika ml 115. Zile mg 2500 zimegawika kwenye ml 115, kila ml 5 inakuwa na kama mg 109 badala ya 125. Mtoto anapewa pungufu kila mara kwa siku zote za dozi na mama hana habari. Upande wa pili, yuko anaetia maji machache akidhani dawa iwe nzito ifanye kazi haraka, ikaishia ml 80, hapo kila ml 5 inakuwa na mg 156, mtoto anapewa zaidi na dawa inamalizika kabla ya siku zake, afu anakuja dukani anasema nimepunjwa.

Maelekezo yanakuja kwa namna mbili na lazima ujue yako ni ipi. Namna ya kwanza inasema jaza mpaka kwenye alama, "up to the mark". Alama ni mstari au mshale kwenye lebo, au pengine ni ukingo uliochorwa kwenye chupa yenyewe, ukipitisha kidole unauhisi. Hapa huhitaji kupima maji, unafata mstari. Namna ya pili inakwambia ml kamili za kutia. Kwa mfano iko azithromaisini ya 200 mg/5 ml, chupa yake jumla ml 15, na maji yanayotiwa ni ml 9 tu. Ukimimina 15 umeiharibu. Hizi zipime kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Na baadhi ya chupa ndogo zinakuja na kichupa chao cha maji ndani ya boksi, basi tia yale yote, usiongeze ya nyumbani.

Kabla hujatia maji, igonge chupa kwenye kiganja unga uachane na chini, utazame. Unga ukiwa umeganda madonge magumu, au umebadilika rangi, au kizibo hakina ule muhuri wake, usitie maji, rudisha ulikonunua. Maji ni yale yalochemshwa yakapoa kabisa. Ya bomba, ya kisima, yote yachemshwe, na yasiwe ya vuguvugu, mtu ana haraka anatia yakiwa bado yana moto, moto ni adui wa dawa hii. Tia kama nusu ya safari kufika kwenye mstari, funga, tikisa kwa nguvu mpaka chini kusibaki unga mkavu, pinduwa chupa uitazame kitako chake. Afu iweke mezani isubiri povu litulie. Hapo watu wengi wanakosea, wanatazama povu limefika kwenye mstari wanaacha, povu likishuka dawa iko chini ya mstari. Povu likitulia ongeza maji mpaka uso wa dawa ukae sawa na mstari, funga, tikisa tena.

Na ukitaka mtu akutazamie kwa picha kama umefikia mstari, chupa iweke juu ya meza iliyosawazika, uiname mpaka simu iwe usawa na mstari huo. Ukipiga umesimama unatazama kwa juu, uso wa dawa na mstari hautaonekana pale pale ulipo, na yule unaemtumia atakwambia ongeza au umezidisha na wewe uko sawa. Mie picha ya namna hiyo sijibu, namwambia piga tena.

Ukimaliza kuchanganya, pale pale kabla hujampa mtoto, andika. Usiandike kwa kalamu juu ya lebo yenyewe, mana friji inatoa jasho na wino unafutika siku ya pili. Chukua kipande cha plasta ya vidonda au karatasi yenye gundi, bandika chupani pasipofunika maandishi, andika kwa kalamu ya wino usiofutika kwa maji mistari miwili: tumetia maji tarehe fulani saa fulani, mwaga tarehe fulani. Mfano umechanganya tarehe 10 saa 2 usiku na chupa inasema siku 7. Unahesabu 11 ni moja, 12 ni mbili, mpaka 17 ni saba. Unaandika "mwaga 17, saa 2 usiku". Baada ya hapo piga picha yenye plasta hiyo. Hiyo ndo picha inayojibika, atakaeipokea awe Unguja awe Muskati, anaona dawa, anaona nguvu yake, anaona siku ya kumwaga, hahitaji kukuuliza kitu. Na kama EXP ya unga inafika kabla ya hiyo siku ya plasta, fata ilotangulia.

Sasa hesabu ya chupa. Mtoto kaandikiwa ml 5 mara tatu kwa siku tano, hiyo ni ml 75, chupa ya 100 itabaki ml 25. Hizo 25 sio akiba ya kikohozi kijacho. Akiandikiwa siku saba ni ml 105, chupa moja haitoshi, utapewa mbili. Naona watu wanazitia maji zote mbili siku ile ile ya kwanza kwa vile maji yamechemka tayari. Ya pili iache unga. Ikaribie kwisha ya kwanza ndo utie maji ya pili, na iandikie plasta yake yenyewe.

Friji. Hapa kwetu najua wengi hawana, na wenye nayo umeme unakatika. Kama lebo inasema friji, dawa ikae katikati ya friji, mlangoni joto linaingia kila ukifungua, na isiwekwe kwenye freza. Wale mnaouza barafu mnakuwa na freza tu nyumbani, jirani anakuja kuomba aweke dawa ya mtoto, mwambieni hapana, dawa hizi zisigande. Kumbe na friji nayo sio ya kila dawa, iko klarithromaisini ya unga ambayo ikitiwa friji inakuwa nzito na uchungu unazidi, lebo yake inakataza. Kwa hiyo hapa pia soma picha, tafuta "refrigerator" au "refrigerate" au ile alama ya 2-8°C, na tazama kabla ya neno hilo pana "Do not" au hapana.

Huna friji kabisa? Sema mapema, mwambie daktari au anaekupa dawa kabla hajakuandikia. Iko amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha, unatia kidonge kwenye kijiko cha maji safi kinayeyuka unampa mtoto wakati ule ule, haihitaji friji wala kuhesabu siku za kumwaga, na kwa watoto wadogo wenye nimonia ndo inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mie mama asiyekuwa na friji namwelekeza huko moja kwa moja, hiyo ya kuhangaika na chupa ndani ya beseni la maji siipendi, joto letu la Januari na Februari mnalijua.

Niliulizwa maswali mengi pale, nitaandika mawili tu.

Dada mmoja kauliza, nikizidisha maji nifanyeje, nimwage kidogo? Hapana dada. Ukimwaga unamwaga na dawa, kilobaki nguvu yake ni ile ile pungufu. Usichemshe ipungue. Chupa hiyo imeshaharibika, irudishe ulikoichukua uwaeleze ukweli, upate nyengine. Lakini ukiwa umepunguza maji, na mtoto hajapewa hata kijiko kimoja, hapo unaweza kuongeza mpaka kwenye mstari utikise vizuri, hakuna tatizo. Ukishampa hata mara moja mstari hauna maana tena, kwa sababu pale kwenye chupa pana dawa ilotoka, ukijaza mpaka juu utakuwa umezidisha. Piga picha ulipofikia, mwambie mfamasia umetoa vijiko vingapi, aamue yeye.

Mzee mmoja kauliza, bibi yangu anampa mtoto bila kutikisa, ina shida? Ina shida, baba. Dawa hizi hazijayeyuka zote kama sukari kwenye chai, unga wake unaelea na ukiiacha unashuka chini. Asotikisa anampa mtoto maji ya juu siku za mwanzo na tope lenye dawa siku za mwisho. Atikise kila mara kabla ya kumimina, hata usiku wa manane. Na apime kwa kile kikombe au kijiko kilichokuja na dawa, au bomba la sindano, vijiko vya jikoni kila nyumba vina ukubwa wake.

Ikifika siku ya plasta, kilobaki usikimwage kisimani wala kwenye mtaro wanapocheza watoto. Kirudishe duka la dawa au hospitali, wanazo njia za kuziteketeza. Ukiwa mbali, changanya na mchanga au majivu, funga kwenye mfuko, tupa na taka. Chupa ivunje au chana lebo yake kabla ya kuitupa, na msizitumie tena kwa mafuta ya taa wala asali, mana ile lebo ikibaki juu yupo atakaeiokota, ataisoma EXP 11/2027, na atanipigia picha.